Mbuzi wa kwenye picha: tazama mgongo kabla ya tumbo

"Daktari, naishi Kibaha na nataka kuanza na mbuzi majike watano wa kuzalisha. Wauzaji watatu wamenitumia picha kwa simu. Wa Kongwa, mbuzi wake wana matumbo makubwa, wanaonekana wameshiba na kunona. Wa Chalinze ni wembamba, mifupa ya nyonga inaonekana, na wawili wananyonyesha. Wa tatu yuko Mlandizi, picha zake ni nzuri kuliko zote, mbuzi wanang'aa, ila kila mbuzi ana picha moja tu iliyopigwa kwa mbele. Bei hazipishani sana. Nimeambatanisha zote. Nani mwenye mbuzi wazima?"

Nimezitazama picha zako moja moja kwa kuzikuza. Kama ungekuwa na nauli ya safari moja tu, ningekuambia nenda Chalinze. Wa Kongwa ningewaacha kwanza mpaka mwenyewe atoe maelezo, na wa Mlandizi siwezi kuwahukumu, kwa sababu hajatuonyesha mbuzi, ametuonyesha vichwa. Najua jibu hili linapingana na ulichokiona kwa macho, kwa hiyo ngoja nikueleze nimelipataje.

Wanunuzi wengi huanza na tumbo, na tumbo ndiyo sehemu inayodanganya kuliko zote. Mbuzi ni mnyama anayecheua. Tumbo lake la kwanza ni kubwa, limekaa upande wa kushoto, na hujaa na kupungua ndani ya siku moja kutegemea amekula nini na amekunywa kiasi gani. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 30 akitoka malishoni na kunyweshwa, anaweza kuwa amebeba kilo nne hivi za majani na maji ambazo si nyama wala mafuta. Wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri: wanamlambisha mbuzi chumvi, kisha wanamwekea karai la maji muda mfupi kabla ya mnunuzi kufika. Tena si lazima pawe na hila. Mbuzi anayelishwa mabua na nyasi kavu za kiangazi hupata tumbo kubwa kwa sababu chakula hicho hukaa muda mrefu tumboni kabla ya kusagika. Anakula, anashiba, na bado anakonda.

Mgongo haujai kwa karai moja la maji. Hebu ikuze picha yoyote ya ubavuni na utafute sehemu iliyo nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya mfupa wa nyonga, yaani kiunoni. Pale pana nyama ndefu mbili zilizolala kila upande wa uti wa mgongo. Mbuzi asipopata chakula cha kutosha kwa wiki kadhaa, au akiwa na ugonjwa unaomla polepole, mwili wake hukopa kutoka kwenye nyama hizo. Akipata nafuu huzirudisha, na hilo nalo huchukua wiki. Kwa hiyo tumbo linakuambia habari za leo, kiuno kinakuambia habari za miezi miwili iliyopita. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mbuzi huanza kuweka mafuta ndani ya tumbo, kuzunguka figo na matumbo, kabla ya kuyaweka chini ya ngozi. Ndiyo maana mbuzi mwenye afya haonekani mviringo kama kondoo, na mnunuzi asiyejua humwita amekonda.

Sasa rudi kwa wale wa Kongwa. Tazama yule mwekundu aliyesimama peke yake ubavuni. Tumbo limejaa pande zote mbili na limening'inia chini, lakini mstari wa mgongo umechongoka, na pale kiunoni ngozi imezama kati ya uti na ncha za mifupa ya pembeni. Tumbo kubwa chini ya mgongo mkali ni dalili ya mbuzi anayekula bila kufaidi. Angekuwa na mimba kubwa, ungeona uzito umeelemea zaidi chini upande wa kulia, na kiwele kingekuwa kimeanza kujaa. Picha yake haionyeshi hivyo. Manyoya yake yamesimama na hayana ung'avu, wakati ardhi ni kavu na jua linawaka, kwa hiyo si baridi wala mvua iliyoyasimamisha. Halafu kuna kile kivimbe laini chini ya taya, ambacho nadhani ulikipita ukidhani ni kidevu kinene.

Kivimbe hicho ndicho kilichonifanya niwaweke wa mwisho. Kuna minyoo inayoishi kwenye tumbo la nne la mbuzi, ambayo kazi yake ni kunyonya damu. Ikizidi, damu hupungua na protini zilizomo ndani yake hupungua pia. Protini hizo ndizo huyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Zikipungua, maji huvuja na kukusanyika mahali pa chini, na kwa mnyama anayeshinda ameinamisha kichwa akila, mahali hapo ni chini ya taya. Uvimbe huo huongezeka anapochunga mchana na hupungua akilala usiku, kwa hiyo picha ya asubuhi inaweza kuuficha. Tena usiseme hana minyoo kwa kuwa mkia wake ni msafi. Minyoo hii haimharishi mbuzi mara zote. Mara nyingi humuua na kinyesi chake kikiwa vidonge safi. Sisemi kwa uhakika kwamba mbuzi wale wana minyoo. Ini likiharibiwa na minyoo bapa huleta uvimbe huohuo, na njaa ya muda mrefu nayo pia. Ninachosema ni kwamba hakuna sababu njema ya mbuzi kuwa na uvimbe wa namna ile.

Wa Chalinze ni kweli ni wembamba. Lakini wembamba una sababu, na kazi yetu ni kuuliza kama sababu ipo. Jike aliyezaa hutoa maziwa kuliko anavyoweza kula, hasa miezi miwili ya kwanza, na pengo hilo huzibwa na akiba ya mwili wake. Wawili wana vitoto, mmoja ana mapacha, na vitoto vyenyewe vimejaa mgongoni na vinaruka kwenye ile video fupi. Jike anayelea mapacha wa namna hiyo huku mgongo wake ukipungua kidogo anafanya kazi yake sawasawa. Manyoya yao yamelala, macho yako wazi na makavu, pua hazina kamasi, na chini ya mkia ni pakavu. Ile mifupa ya nyonga iliyokutisha haipimi mengi: mbuzi mwenye damu ya maziwa, kama wale wa Mgeta na machotara wao, huonyesha nyonga hata akiwa amelishwa vizuri. Kiuno chao hakijazama. Mgongo unaonekana, lakini nyama ipo pande zote mbili.

Watatu wasionyonyesha ndio ninaowatilia mashaka kidogo. Wao hawana kisingizio cha maziwa. Muulize muuzaji walizaa lini, waliachishwa vitoto lini, na kama kuna aliyetupa mimba. Akikujibu kwa kumtaja kila mbuzi na tarehe yake, huyo anaijua mifugo yake. Akisema wote wako sawa, wakague hao watatu mara mbili.

Usipime mbuzi peke yake, pima na mandhari. Muuzaji huchagua mbuzi wa kukuonyesha lakini hachagui vilivyo nyuma yake. Kwenye picha moja ya Kongwa kuna mbuzi watatu nyuma wamesimama wameinamisha vichwa, mmoja ana uchafu mpana mapajani, na sakafu ya banda ni tope la kinyesi laini. Kwa wa Chalinze naona vidonge vikavu vimetawanyika na chombo cha maji kilichoinuliwa juu ya mawe. Mbuzi anayeuzwa amekunywa na kula pamoja na hao wa nyuma, kwa hiyo ugonjwa wao ni wake pia, hata kama bado hajauonyesha.

Kuhusu wa Mlandizi, usimtuhumu, mwombe picha nyingine. Picha zake zimepigwa kwa mbele na kwa karibu mno, na hapo simu yenyewe ndiyo inayodanganya: kilicho karibu na lenzi huwa kikubwa, kilicho mbali husinyaa. Kichwa na kifua hujaa, nyuma hupotea. Ukiipiga kutoka juu, mgongo huwa mpana na miguu mifupi, mbuzi wa kawaida anageuka beberu wa maonyesho. Huo mng'ao nao unaweza kuwa wa simu inayopamba picha yenyewe bila mtu kuiambia. Huwezi kulinganisha wauzaji watatu kwa picha za aina tatu. Watumie wote maombi yaleyale.

Mwambie kila mmoja asimame hatua nne kutoka kwa mbuzi, ashushe simu mpaka usawa wa bega la mbuzi, asitumie ile 0.5x, na apige ubavu wa kushoto mzima kuanzia pua hadi mkia, mbuzi akiwa amesimama mahali tambarare. Kisha apige kwa nyuma, mkia ukiwa umeinuliwa. Kisha uso kwa karibu, macho na pua vionekane, pamoja na meno ya mbele ya taya ya chini midomo ikiwa imefunguliwa. Mwisho, video ya nusu dakika mbuzi akitembea na wenzake bila kushikwa. Picha zipigwe asubuhi kabla ya kutoka kuchunga, na moja ya ubavuni irudiwe jioni ili ule uvimbe wa taya usitupite. Kwenye picha mojawapo ashike karatasi yenye tarehe. Muuzaji mwaminifu atanung'unika kidogo na kuzituma. Asiyetaka kabisa amekwishakujibu.

Kwenye picha ya ubavu wa kushoto utakisoma kiuno, na utaona pia lile shimo dogo nyuma ya ubavu wa mwisho. Asubuhi likibonyea kidogo ni kawaida. Likiwa limezama sana jioni, baada ya kutwa malishoni, mbuzi huyo hali chakula. Picha ya nyuma inaonyesha kuharisha na kiwele kama kiko sawa pande zote mbili. Meno yanakupa umri, jambo ambalo wauzaji hulisahau kwa urahisi: mbuzi mwenye meno madogo ya utoto yote hajafikisha mwaka na robo hivi, meno mawili makubwa ni mwaka mmoja na kidogo, manne ni karibu miwili, sita karibu mitatu, na manane ni minne au zaidi. Kwa kuanzia, nunua wenye mawili au manne. Mwenye meno yaliyoachana na kuvunjika atakuwa mwembamba kwa uzee, na hakuna pumba zitakazomrudisha. Katika video mtafute anayebaki nyuma, anayechechemea, au anayesimama kila mara kukohoa. Ukimwona mmoja amelala anacheua taratibu, hiyo ni habari njema.

Wengi huniuliza pia kama wanaweza kupima damu kwa picha ya jicho. Utando wa ndani wa kope ya chini huwa mwekundu kwa mbuzi mwenye damu ya kutosha na hupauka minyoo inapomnyonya. Kuna kadi ya rangi tano iitwayo Famacha, iliyobuniwa Afrika Kusini, inayotumika kulinganisha: namba moja na mbili ni nyekundu na salama, tatu ni ya kutilia shaka, nne na tano ni mbuzi wa kutibiwa mara moja. Tatizo la picha ni rangi. Bati jipya, kivuli cha mwembe au taa ya banda vinaweza kumfanya mbuzi aliyepauka aonekane mwekundu, au kinyume chake. Ukiomba picha ya kope, mwambie aipige juani na aweke karatasi nyeupe kando ya jicho. Karatasi ikionekana ya njano au ya bluu, rangi ya kope nayo imeharibika. Hata ikiwa nyeupe, itumie picha hiyo kwa kulinganisha mbuzi wa muuzaji mmoja waliopigwa saa ileile: mmoja akiwa mweupe kuliko wenzake, huyo muweke pembeni. Kumlinganisha wa Kongwa na wa Chalinze kwa rangi ya kope kwenye simu mbili tofauti, hapana.

Picha nzuri ina mipaka yake, na mipaka hii ni ya hatari. Sotoka ya mbuzi inaweza kukaa ndani ya mnyama siku nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kabla ya machozi, kamasi na kuharisha kuanza. Homa ya mapafu ya mbuzi inaweza kuchukua wiki kadhaa. Jike mwenye ugonjwa wa kutupa mimba anaweza kuwa na mgongo mzuri, manyoya yanayong'aa na macho maangavu, kisha akaja kuutupa ujauzito kwako na kukuambukiza wewe mwenyewe kupitia maziwa mabichi au unapomsaidia kuzaa. Hakuna pembe ya kamera inayoonyesha hilo. Linajulikana kwa kupima damu. Kwa hiyo picha zinakusaidia kuwakataa wabaya na kuchagua banda la kutembelea. Usilipe hata nusu ya fedha kwa picha.

Utakapokwenda Chalinze, mtafute afisa mifugo wa kata ile au daktari wa mifugo aende nawe. Gharama yake ni ndogo kuliko mbuzi mmoja aliyekufa. Fikeni alfajiri kabla hawajafunguliwa, matumbo yakiwa bado hayajajaa, na muwatazame wanavyotoka mmoja mmoja. Awapime joto: mbuzi aliyetulia huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, na akizidi 40 asubuhi ya baridi, usimnunue siku hiyo. Muombe muuzaji kumbukumbu za chanjo ya sotoka ya mbuzi, na mwambie daktari achukue damu ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba kabla hujakamilisha malipo.

Wewe mwenyewe tumia mkono, kwa sababu manyoya yanaficha kilo nyingi kuliko kamera. Weka vidole kiunoni, uti ukiwa katikati, na ubonyeze. Kunja ngumi kisha pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya vifundo: mgongo ukiwa mkali namna hiyo, mbuzi yuko alama ya kwanza au ya pili kati ya tano. Nyoosha mkono uliokunja ngumi na uguse mgongo wa kiganja: mbuzi akiwa namna hiyo, mifupa ipo lakini umeitafuta chini ya nyama, hiyo ni alama ya tatu, na ndiyo unayoitaka kwa jike anayekwenda kupandishwa. Kisha shika kidari, kati ya miguu ya mbele, maana pale mbuzi huweka mafuta kidogo hata mgongo ukiwa mwembamba. Wale wanaonyonyesha wakiwa alama mbili na nusu na kidari kina kitu cha kushika, wachukue. Wasionyonyesha wakiwa chini ya mbili bila sababu inayoeleweka, waache, hata kama bei itashuka. Na usivutwe na wa alama ya tano. Jike mnene kupita kiasi hushika mimba kwa shida, na akibeba mapacha anaweza kuugua mwishoni mwa ujauzito.

Ukishawanunua, chukua kibali cha kuwasafirisha kabla hawajapanda gari. Nyumbani wakae peke yao wiki tatu mpaka nne, mbali na mbuzi wengine wa jirani, wawe na chombo chao cha maji, na wewe uwahudumie mwisho baada ya wanyama wengine. Angalia kope zao juani ndani ya siku mbili za kwanza na uwape dawa ya minyoo wale waliopauka, kwa uzito uliopimwa; dozi ya kukisia inayopungua huwafundisha minyoo kuishi na dawa. Na kama ndani ya muda huo wawili wataanza kukohoa au kutoa machozi na kamasi pamoja, usimtoe hata mmoja kwenda mnadani wala kumgawia jirani. Mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo, na umtumie video kabla hajafika.